Makosa mapya ndio yanayonishtua, sio yale yaliyopotea

Turnitin, ile programu ya kukagua kama kazi imekopiwa, haisaidii kitu kama insha ya mwanafunzi kaandika mtu mwingine kwa hela, maana haijakopiwa popote, asilimia zinatoka ndogo kabisa na kila kitu kinaonekana kisafi. Kinachobaki ni kuiweka pembeni ya maandishi aliyoandika mwanafunzi mwenyewe darasani, mbele yangu, kwa kalamu. Nafundisha kozi ya Kiswahili mwaka wa kwanza chuoni huku Tanzania, kwa hiyo mifano yangu ni ya Kiswahili.

Wengi wanaanzia sehemu mbaya. Wanaona dogo darasani anaandika "kwasababu" kwa pamoja, afu kwenye insha ya nyumbani "kwa sababu" imetenganishwa vizuri, basi wanasema sio yake. Hapana jamani. Nyumbani ana muda, ana dada yake wa kumsomea, na hilo kosa nusu ya darasa wanalo. Kosa kupotea halisemi kitu. Kosa jipya, ambalo darasani hajawahi kulifanya hata alipokuwa anakimbizana na muda, hilo ndio linanifanya nivute kiti, kwa sababu hakuna mhariri anayekuongezea makosa.

Nichukue insha moja ya karibuni (mada nimeibadilisha kidogo ili mtu asitambulike), maneno kama 2,000 kuhusu utandawazi na lugha. Nilikuwa na testi zake mbili na insha moja ya darasani, jumla maneno kama 1,100. Chini ya maneno 500 huwa sijisumbui, hesabu zinayumba mno. Nilizichapa zote kwenye kompyuta vilevile zilivyo, makosa yote yakiwemo, maana mwandiko wa mkono unakufanya uone mtu badala ya lugha.

Kitu cha kwanza kilikuwa "zana ya utandawazi", mara tatu. Alitaka dhana. Darasani huyu kijana dh yake haikosei, dhana, dhahiri, kuadhimisha, zote safi. Na uzuri wake ni kwamba kikagua tahajia hakiwezi kuinasa, zana ni neno halali kabisa. Ila simu inaweza kukubadilishia neno bila wewe kuona, kwa hiyo sikuishia hapo.

Nikahesabu virejeshi. "Wanafunzi wanaosoma" na "wanafunzi ambao wanasoma" maana ni ileile, mtu anachagua bila kujijua, na hakuna mhariri anayehangaika kubadilisha moja kuwa nyingine. Ila uhesabu pale tu ambapo chaguo lipo kweli: kwenye -me- na -ja- lazima utumie amba-, hivyo hizo naziacha, nachukua -na-, -li- na -ta-. Kwenye maandishi ya darasani alikuwa na virejeshi vya ndani ya kitenzi 19 na amba- 3. Kwenye insha amba- 30, vya ndani 13. Imegeuka kabisa.

Halafu ndio ikaja sehemu niliyoipenda, maana nilirudia kuhesabu kwa kila sehemu peke yake na nikakuta utangulizi, maneno kama 400, una vya ndani 7 na amba- 1, yaani yuleyule wa darasani, na dhana imeandikwa sawasawa. Zile zana zote tatu na amba- karibu zote zimeanzia kwenye kiini. Ukihesabu insha nzima kwa mkupuo mmoja hiyo inakupita.

Kabla ya kumwita nilifanya kitu ambacho wenzangu wengi wanakiruka, nikachukua insha za wanafunzi wengine watano wa darasa hilohilo pamoja na testi zao, nikahesabu vilevile. Je, kila mtu anahamia kwenye amba- akiandika nyumbani? Wanne hawakubadilika sana, mmoja aliongeza kidogo. Kama wote wangehamia, ushahidi wangu ungekufa hapohapo. Pia hakikisha aina ya maandishi inafanana: jibu la testi la mistari mitano na insha ya kurasa nane haviendi pamoja, na barua ndio kabisa.

Alipokuja ofisini sikumwambia umeibia. Nilimpa aya mbili, moja ya utangulizi, moja ya kiini, kila neno la tano limefutwa, ajaze. Ya utangulizi alijaza karibu yote, ya kiini alikwama nusu. Hii nayo ina udhaifu, mtu akiogopa anasahau hata jina lake, ndio maana nampa aya mbili, hofu ni ileile kwenye zote. Nikamuuliza kiini kilikujaje, akakaa kimya kidogo, "Mwalimu, utangulizi ni wangu kweli."

Kwenye ripoti ya kamati niliandika kwamba kiini hakifanani na sampuli za darasani na utangulizi unafanana, nikaambatanisha hesabu na zile aya mbili. Nani kakiandika sikugusa, maana virejeshi haviwezi kunipa jina la mtu, na kuna mwenzake darasani anayeandika "zana ya" kila siku na simtuhumu kwa hilo.