Kaka, Maji Yatatoka Saa Ngapi? Dhana Potofu Kuhusu Kusema "Sijui"

Kazi yangu ni kutembeza wageni pwani ya Jambiani, kusini mashariki ya Unguja. Maji ya bahari yakitoka tunakwenda kwa miguu, tunapita mashamba ya mwani, na siku za bamvua, bahari inapojaa sana na kutoka sana, tunafika hadi mwambani, mawimbi yanapovunjikia. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni la saa ya maji kutoka. Mara nyingi naulizwa kuhusu siku ambayo bado iko mbali, na hapo saa yake siijui. Miaka imenifunza kwamba tabu haiko kwenye kutojua. Tabu iko kwenye yale tunayoyaamini kuhusu kutojua.

Dhana: Mwenyeji akisema "sijui", mgeni atamdharau.

Nilipoanza kazi niliamini hivyo kabisa. Mtu kazaliwa pwani, babu yake mvuvi, halafu aseme hajui maji? Siku moja baba mmoja aliyekuja na mkewe na mtoto aliniuliza watoke saa ngapi kesho yake. Siku tisa nyuma, tarehe mbili ya mwezi wa Kiislamu, nilikuwa nimepeleka watu na maji yalitoka barabara saa tano asubuhi. Nikamjibu palepale, bila hata kufikiri: "Saa tano, kaka, nendeni tu."

Siku hiyo waliyotoka ilikuwa mwezi 12, yaani tarehe 12 ya mwezi huo wa Kiislamu. Maji yalikuwa yameshatoka mapema, kama saa mbili asubuhi, na wao walipoingia saa nne na nusu bahari ilikuwa inarudi. Kwa mgeni huwezi kuona tofauti, maana maji ya magotini yanayotoka na maji ya magotini yanayoingia ni yale yale kwa macho. Walirudi mtoto akiwa mabegani kwa baba yake na maji yamemfika mama kifuani pale penye mkondo. Hawakunigombeza. Yule mama aliniuliza jambo moja tu: "Kwani ulikuwa unajua, au ulikuwa unabahatisha?"

Swali lile ndilo lililonionyesha ukweli. Mgeni hadharau pengo la ujuzi. Kinachomvunja moyo ni kugundua kwamba sauti yangu ilikuwa ile ile nilipokuwa najua na nilipokuwa sijui, kwa hiyo hata majibu yangu ya kweli hayawezi tena kumsaidia. Wazee wa pwani yetu wenyewe, ukiwauliza maji ya siku fulani, hawatoi saa. Wanakuuliza kwanza: "Itakuwa mwezi ngapi?" Sisi vijana tulisikia majibu yao tu, hatukusikiliza lile swali lao.

Dhana: Ukishasema "sijui" kwa uaminifu, umemaliza wajibu wako.

Baada ya tukio lile niliegemea upande wa pili. Nikawa najibu "sijui" na kunyamaza, nikijiona mkweli. Lakini "sijui" tupu huwa inaficha mambo mengi ambayo mtu anayajua, na aliyeuliza anaondoka mikono mitupu ilhali nusu ya jibu lake ninayo mimi. Nieleze kisa kimoja kwa ukamilifu, kwa sababu hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Mwalimu mmoja wa kike kutoka Dodoma alikuwa anapanga safari ya wanafunzi wake. Alinipigia simu akasema: "Kaka, tutakuwa kwenu siku 11 kuanzia leo. Nataka watoto waingie baharini saa tatu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Maji yatakuwa yametoka?"

Nikamwambia: "Mwalimu, saa kamili ya siku hiyo siijui, na sina jedwali la maji hapa nilipo. Lakini kuna mambo nayajua, nipe dakika tano tuhesabu pamoja."

Jambo la kwanza nililokuwa na hakika nalo: huku kwetu, mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umeandama tu, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hutoka kabisa kama saa nne na robo, asubuhi na usiku. Hiyo ndiyo nguzo. Sikuisoma popote kwanza. Kila anayelima mwani anaijua, maana bamvua ndiyo siku zao za kazi na huwaona wakishuka na kamba zao asubuhi.

La pili ni jinsi saa inavyosogea. Nilikuwa sikumbuki vizuri ni dakika ngapi kwa siku, ila hilo linapatikana kwa hesabu. Mwezi huchukua siku 29 na nusu kutoka kuandama hadi kuandama, na katika muda huo saa ya maji huzunguka saa 24 nzima na kurudi pale pale. Gawa dakika 1,440 kwa 29 na nusu, unapata karibu dakika 49. Tuseme 50.

Siku ile ilikuwa mwezi 9. Siku 11 mbele ni mwezi 20, yaani siku tano baada ya mwezi 15, ambao ndio mwezi mpevu. Mara dakika 50 ni dakika 250, saa nne na dakika kumi. Ukianza saa nne na robo asubuhi unafika saa nane na dakika 25 mchana.

Hapa nilisita, maana jibu lilikuwa zuri mno. Dakika 50 ni wastani. Kwa kweli, siku za karibu na bamvua maji husogea kidogo, dakika 35 hivi kwa siku, na yanapokaribia maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana wala haitoki sana, husogea zaidi ya saa nzima. Siku tano za mwanzo baada ya mwezi mpevu ziko upande wa bamvua, kwa hiyo huenda 250 ni nyingi. Nikihesabu kwa dakika 36 kwa siku nafika saa saba na robo. Kwa hiyo maji yangetoka mahali fulani kati ya saa saba na robo na saa nane na nusu mchana.

Sasa rudi kwenye swali lake. Yeye hakuuliza dakika, aliuliza kama saa tatu asubuhi inafaa. Kutoka maji kujaa hadi kutoka ni zaidi kidogo ya saa sita, kwa hiyo asubuhi hiyo maji yangejaa kati ya saa moja na saa mbili na robo. Saa tatu bahari ingekuwa ndiyo kwanza inaanza kuondoka. Hata kama tarehe ya mwezi imekosewa kwa siku moja, jambo ambalo hutokea kwa kuandama, kosa hilo ni la chini ya saa moja na haliwezi kuigeuza saa tatu ikawa salama. Nikamwambia: "Saa tatu asubuhi hapana, hilo nina hakika nalo. Panga mchana, baada ya sala ya adhuhuri. Saa yenyewe nitakupa jioni."

Dhana: Jibu lenye saa moja kamili linaonyesha ujuzi kuliko jibu la "kati ya hapa na hapa".

Ningeweza kumpa saa nane na dakika 25 na ingesikika kama kauli ya mtu anayejua sana. Lakini dakika zile zilitoka kwenye kuzidisha tu, hazikutoka baharini. Ukitoa hesabu ya wastani kama vile ni kipimo, msikilizaji anaiamini kupita uwezo wake: atatoka saa nane kasorobo akidhani bado maji yanakwenda, kumbe pengine yanarudi. Upana wa jibu ndio unaomwambia awe na tahadhari kiasi gani. Na ni vizuri kumwambia upana huo umetoka wapi. Mwalimu yule nilimweleza kwamba mashaka yangu ni kwenye mwendo wa siku kwa siku, si kwenye ile nguzo ya saa nne na robo.

Dhana: Maji hutoka saa sita kamili na kuingia saa sita kamili, kwa hiyo kila siku ni saa zile zile.

Hii huisikia hata kwa wenyeji. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi. Dakika hizo 25, mara mbili kwa siku, ndizo dakika 50 zetu. Aliyesahau hilo ndiye anayejibu "saa tano kama kawaida".

Dhana: Ukijua saa, umejua yote.

Mwalimu aliuliza pia: "Watoto watafika mwambani?" Hapo nilifika mwisho wa hesabu yangu, na nikamwambia hivyo. Saa ya kutoka ni jambo moja, kiasi cha kutoka ni jingine. Katika bamvua kubwa, tofauti kati ya maji kujaa na kutoka hukaribia mita 4. Katika maji mafu hupungua hadi karibu mita 1, na bahari haifunui hata nusu ya njia. Mwezi 20 uko katikati, ukielekea maji mafu ya mwezi 22 au 23. Nilijua kwamba maji yangetoka pungufu kuliko bamvua. Kama yangetosha kuvuka ule mkondo wa kuelekea mwambani, sikuwa na namna ya kulijua kwa kichwa, na upepo nao huweza kuongeza au kupunguza kidogo. Ukikadiria hapa unacheza na watoto wa watu. Nikamwambia nitaangalia kimo kwenye jedwali, na siku yenyewe nitaingia mimi kwanza.

Dhana: "Nitakuangalizia" ni adabu tu ya kumaliza mazungumzo.

Wengi wetu tunaisema hivyo, na aliyeuliza anajua. Jioni ile nilikwenda kwa nahodha mwenye jedwali, nikampigia mwalimu kabla ya magharibi. Saa ilikuwa ya saba na dakika 50 mchana, ndani ya upana nilioutaja, na mapema kuliko hesabu ya dakika 50. Kimo hakikuwa cha kuvuka.

Siku ilipofika tulishuka saa saba, maji bado yanaondoka. Nilisimamisha kijiti kwenye mchanga, mahali maji yalipogusa, nikawaambia watoto wakitazame. Maji yakikiacha kijiti, tunaendelea; yakikirudia, tunageuka. Tulifika kwenye mwani, maji ya magotini kwa mtu mzima. Mtoto mmoja alinyoosha kidole kule kwenye povu jeupe la mwamba akauliza kina cha mkondo ulio katikati ni kiasi gani. Nikamwambia leo sijui, ila bamvua iliyopita ulinifika pajani, na leo maji yamebaki juu kuliko siku ile. Akafikiri kidogo, akapima pajani pangu kwa macho, kisha akajipima mwenyewe. "Basi mimi ungenifika shingoni au zaidi," akasema, akageuka kutazama kijiti.