Vyuu si watazamaji, na vyuu vya TikTok si vya YouTube

Wiki hii nimesikia tena: "Klipu yangu TikTok ina watazamaji elfu kumi na mbili, YouTube imebuma, elfu saba tu." Hapo pana makosa mawili kwa mpigo.

"Vyuu" ni hesabu ya mara ambazo video imetazamwa, kwa kipimo cha mtandao husika. Basi.

Neno lenyewe ndilo linalotuponza. Mtazamaji ni mtu. Kutazama nako, kwa Kiswahili chetu, ni kukaza macho kwenye kitu, si kukiona tu kikipita. Mitandao haihesabu hilo. TikTok huandika moja pale tu video inapoanza kucheza, hata kama kidole kimeshaisukuma juu. Instagram nayo huhesabu kila inapoanza, na akirudia mtu yuleyule hesabu hupanda tena. Facebook kwa miaka mingi ilikuwa na kipimo cha sekunde 3.

YouTube ndiyo iliyowavuruga wengi zaidi. Tangu tarehe 31 Machi 2025, video zake fupi, Shorts, huhesabiwa kila zinapoanza au kurudiwa, bila muda wa chini. Hesabu ya zamani, iliyomtaka mtu abaki kidogo, haikufutwa. Ipo kwenye takwimu za chaneli kwa jina la Engaged views, na ndiyo inayotumika kwenye malipo. Kwa hiyo aliyelinganisha Short ya Februari na ya Aprili mwaka huo, akaona ya pili imepaa, huenda alikuwa anatazama badiliko la rula, si la watu.

Turudi kwa huyu wa elfu kumi na mbili. Klipu yake ni ya sekunde 30. Kwenye takwimu za TikTok, jumla ya muda iliochezwa ni saa 20, yaani sekunde 72,000. Gawanya kwa vyuu 12,000: wastani ni sekunde 6. YouTube ina vyuu 7,000 na saa 35, sawa na sekunde 126,000, wastani sekunde 18. Ukigawanya kila jumla kwa urefu wa klipu, TikTok inakupa sawa na mizunguko kamili 2,400, YouTube 4,200. Iliyobuma ndiyo iliyotazamwa.

Sekunde ni sekunde kokote, ndiyo maana naanzia hapo. Ila nayo haikwambii ni watu wangapi: shabiki mmoja aliyerudia mara kumi anajaza saa kama watu kumi. Idadi ya watu hutafutwa kwenye takwimu za akaunti zilizofikiwa, ambazo kwa kawaida ni pungufu ya vyuu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, sema tu "imetazamwa mara 12,000 TikTok". Jina la mtandao usiliache.