Sukari ya Alfajiri Haitoki Sahanini

"Usiku nilikula kipande cha muhogo tu, mbona alfajiri sukari imepanda? Nyumbani wanasema nimekula kwa siri."

Hukukosea. Kuanzia kama saa tisa usiku mwili hutoa homoni za kuuamsha, nazo hulifanya ini limwage sukari kwenye damu. Asiye na kisukari huidhibiti kwa insulini yake, ila kwako insulini hiyo haitoshi au haifanyi kazi vizuri.

Tuchukue mfano wa mtu wa Wete aliyelala na 7.2 mmol/L, akapima saa tisa usiku akapata 7.0, kisha baada ya sala ya alfajiri, kabla ya chai, akapata 9.6. Sukari ya chakula kwa kawaida hupanda saa moja au mbili baada ya kula, lakini hapa mstari wa grafu umelala usiku kucha, ukaja kupanda taratibu kama maji yanavyojaa pwani.

Kipimo hicho cha saa tisa ndicho ninachokisisitiza sana. Kikiwa chini ya 3.9, sukari imeshuka mno: kunywa mara moja maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, pima tena baada ya dakika 15, na asubuhi mweleze daktari kabla dawa ya usiku haijaongezwa. Ukiwa umeulalia mkono wenye kifaa cha kubandika cha kupimia sukari, huenda kikaonyesha mshuko usiokuwepo, kwa hiyo hakikisha kwa damu ya kidole.