Nchi ya akaunti kwenye PS5: inachofunga na isichofunga

Mashine nyingi za PS5 zinazouzwa Mwanza, ziwe mpya au za mkono wa pili, zimepitia Dubai, Ulaya au Japani. Mzazi anapoiwasha nyumbani Kirumba au Igoma na kukuta maandishi ya Kiarabu au Kijapani, hudhani amenunua mashine ya nchi nyingine na kwamba duka lake la mtandaoni limefungwa huko. Kwa kawaida si hivyo. Lugha ni mpangilio wa mashine tu na hubadilishwa wakati wowote. Nchi imo ndani ya akaunti, na ikishachaguliwa siku akaunti inafunguliwa, haibadilishwi tena.

Tuanze na lugha. Kwenye skrini kuu, alama ya gia iliyo juu pembeni ndiyo Settings. Ndani yake tafuta System, kisha Language. Kwa Kijapani, Language imeandikwa 言語, na kwa Kiarabu اللغة. Ukifika kwenye orodha hutapotea, maana kila lugha imeandikwa kwa jina lake yenyewe: tafuta English. Kiswahili hakimo. Kiarabu kinageuza skrini nzima, vya kulia vinakuwa kushoto, hivyo gia nayo itafute upande wa pili. Kwa PS4 ya zamani kutoka Japani kuna mtego mwingine: kitufe cha kukubali ni duara na cha kurudi ni msalaba, kinyume na ilivyozoeleka huku. Wengi hudhani padi imeharibika.

Kuna mashine moja ya kuikwepa kabisa. Tarehe 21 Novemba 2025 Sony ilianza kuuza Japani PS5 isiyo na sehemu ya diski, kwa yeni 55,000, ambayo lugha yake ni Kijapani pekee na inakubali akaunti za Japani tu. Hiyo haitoki kwa mpangilio wowote. Kabla ya kulipia mzigo wa Japani, mwambie muuzaji aiwashe na abadilishe lugha mbele yako. Akisema utabadilisha mwenyewe nyumbani, usitoe hela.

Sasa nchi. Unapofungua akaunti, Tanzania haimo katika orodha ya nchi. Ndiyo maana wachezaji wa hapa hutumia akaunti za Marekani, Uingereza, Falme za Kiarabu au Afrika Kusini. Masharti ya Sony yanataka utaje nchi unayoishi kweli, kwa hiyo ukichagua nyingine unabeba hatari hiyo mwenyewe. Uchaguzi huo unaamua mambo matatu: bei ziko kwa fedha gani, kadi ya zawadi ipi itakubali, na alama za umri zipi utaziona. Namba ya kadi ya dola inakataliwa kwenye akaunti ya Uingereza hata kama ni halali na haijawahi kutumika, na salio halihamishwi kutoka akaunti moja hadi nyingine. Kadi ya benki ya Tanzania nayo mara nyingi hugoma, kwa kuwa nchi iliyoitoa hailingani na ya akaunti. Ushauri wetu ni huu: kwanza uliza kadi za zawadi za nchi gani zinapatikana kwa uhakika madukani kwenu, halafu ndipo ufungue akaunti ya nchi hiyo.

Diski zenyewe hazibagui, ya Ulaya inacheza kwenye mashine yoyote ya PS5 yenye sehemu ya diski. Tatizo huja unaponunua nyongeza za gemu mtandaoni, maana nyongeza ya duka la Marekani inaweza kukataa kufanya kazi na diski ya Ulaya. Utaitambua diski kwa alama ya umri kwenye jalada. Namba 3, 7, 12, 16 au 18 yenye neno PEGI ni ya Ulaya. Herufi E, E10+, T au M yenye neno ESRB ni ya Marekani: E ni ya kila mtu, E10+ ni kuanzia miaka 10, T ni 13, M ni 17.

Alama hizo hupima kilichomo kwenye gemu, si mazungumzo ya mtandaoni. Wala hazimzuii mtoto kutumia hela. Mfano mzuri ni gemu za mpira za EA Sports FC. FC 24 ina PEGI 3 na E, lakini ndani yake mtoto anaweza kununua paketi za wachezaji kwa fedha halisi, bila kujua atampata nani.

Chukua mama mwenye mtoto wa miaka 10, akaunti ya Marekani. Yeye mwenyewe ndiye anafungua akaunti ya kwanza na kuwa msimamizi wa familia. Kisha anaingia Settings, Family and Parental Controls, Family Management, na kumwongeza mtoto kwa tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Hapa ndipo mambo huharibika mara nyingi: mtoto ameshajifungulia akaunti kwa mwaka wa uongo, mfumo unamwona mtu mzima, na mtu mzima hawekewi vizuizi. Dawa ni kufungua akaunti mpya.

Kwa mtoto huyu anaweka kiwango cha gemu kwenye E10+. FC inafunguka. Fortnite, ambayo ni T, inafungwa, na mtoto anaweza kutuma ombi ambalo mama analijibu kwenye simu kwa kuruhusu gemu hiyo moja tu. Kisha anaweka Monthly Spending Limit kuwa sifuri, kwa sababu mtoto hana mkoba wake, anachota kwenye wa msimamizi. Mazungumzo yanazuiwa kwenye Communication and User-Generated Content.

Vizuizi vyote hivyo vimeshikamana na jina la mtoto, si na mashine. Akiingia kama mgeni, au akibofya jina la mama, havipo. Kwa hiyo kuna hatua mbili zaidi. Kwanza, PS5 Console Restrictions, namba ya siri ya kiwandani ni 0000: ibadilishe, halafu User Creation and Guest Login iwe Not Allowed. Pili, weka namba ya kuingilia kwenye jina la mama, katika Users and Accounts, Login Settings.

Gemu alizonunua mama mtoto atazicheza kwa jina lake bila kulipia tena, mradi Console Sharing and Offline Play imewashwa kwenye akaunti ya mama. Ipo ndani ya Users and Accounts, sehemu ya Other. Akaunti moja huiwasha kwenye PS5 moja tu kwa wakati mmoja. Hapo ndipo penye siri ya zile akaunti zenye gemu tele zinazouzwa mitaani kwa bei ya kutupa: muuzaji anaiwasha kwako, wiki ijayo anaihamishia kwa mteja mwingine, na kwako kila gemu inatokea na alama ya kufuli. Ukiona kufuli kwenye gemu ulizonunua kihalali, nenda kwenye mpangilio huohuo uuwashe upya huku intaneti ipo.