Sura Zilizovutwa Kwenye Tovuti: Kosa Liko Kwenye Fremu, si Kwenye Picha

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la tovuti siku hizi yanafanana. Mkuu wa idara anatokea na uso mrefu kuliko alivyo. Picha ya pamoja ya wajumbe imebanwa mpaka mabega yamegusana. Muhuri wa duara umekuwa yai. Wanaoandika wana haki ya kulalamika, kwa sababu mtu akionyeshwa kwa sura isiyo yake kwenye ukurasa wa taasisi anakuwa amekosewa heshima.

Hata hivyo, suluhisho linaloombwa karibu kila mara silo. Tunaombwa mpigapicha aitwe tena, au mtumishi arudi kupigwa picha «ya wima». Naomba hili lieleweke: picha iko salama. Faili lililopandishwa halijaguswa. Kilichoharibika ni maagizo tuliyompa kivinjari kuhusu fremu, na ukiweka picha mpya ndani ya fremu ileile, nayo itavutwa vilevile.

Chanzo ni hiki. Mhariri akiandika upana na kimo cha `img` kwa pamoja, kivinjari hutii vyote viwili. Kama uwiano wa fremu haulingani na wa picha, kivinjari huvuta picha ifike kona zote nne, kwa kuwa thamani ya awali ya `object-fit`, kanuni ya mtindo inayosema picha ikaeje ndani ya fremu, ni `fill`. Anayetaka vingine lazima aseme.

Nichukue picha mfano wa zile tunazopokea kila wiki. Imepigwa kwa simu iliyolazwa, upana wake pikseli 4000 na kimo 3000. Fremu ya orodha ya watumishi ina upana wa pikseli 240 na kimo 300, yaani nne kwa tano. Kwa `fill`, upana unapunguzwa hadi asilimia 6 ya ule wa asili, na kimo hadi asilimia 10. Kwa hiyo kila kitu kilichomo kinabaki na sita ya kumi tu ya upana wake wa haki ukilinganisha na kimo. Hapo ndipo ule uso mrefu unapotoka.

Kanuni sahihi ni fupi:

```css
.picha-mtumishi {
  width: 240px;
  height: auto;
  aspect-ratio: 4 / 5;
  object-fit: cover;
}
```

`aspect-ratio` inaweka umbo la fremu, na kwa upana wa 240 kimo kinakuwa 300 chenyewe. `object-fit: cover` inaiambia picha ijaze fremu yote bila kubadili uwiano wake, na kinachozidi kikatwe. Kivinjari kinatafuta kipimo kimoja cha kupunguzia pande zote mbili. Kati ya asilimia 6 na 10 kinachukua kubwa, ili pasibaki pengo. Picha inakuwa 400 kwa 300. Kimo kimeenea sawasawa, upana umezidi kwa pikseli 160, basi 80 zinafichwa kushoto na 80 kulia. Sura inabaki kama mwenyewe alivyo.

Mstari wa `height: auto` ndio unaoachwa mara nyingi, na ndio unaotuletea barua nyingi zaidi za «tumefuata mwongozo lakini haifanyi kazi». Tunawaagiza wahariri waandike `width="4000" height="3000"` ndani ya tagi ya picha, na agizo hilo linabaki palepale, kwa sababu linamsaidia msomaji ambaye mtindo wa ukurasa wake haujafika. Lakini namba hiyo ya kimo huhesabiwa kama kimo kilichoamuliwa. `aspect-ratio` hufanya kazi pale tu ambapo upande mmoja umeachwa huru. Usipoandika `height: auto`, kivinjari kinashika 240 kwa 3000, uwiano uliouandika unapuuzwa, na ukurasa unapata utepe mrefu unaoshuka skrini kadhaa. Ukiona utepe huo, usitafute kosa kwingine.

Kosa la pili ni kuweka `object-fit` kwenye kisanduku kinachoizunguka picha, yaani kwenye `div`. Haitafanya lolote hapo, na kivinjari hakitakuonya. Inaandikwa kwenye `img` au `video` yenyewe. Kama kisanduku ndicho chenye umbo, picha iliyo ndani ipewe upana na kimo cha asilimia 100, kisha `object-fit`.

Sasa nije kwenye kukata, ambako malalamiko mapya yanatokea baada ya yale ya kwanza kuisha. Kivinjari hakijui uso uko wapi. Kinakata sawasawa kushoto na kulia, juu na chini, kwa sababu thamani ya awali ya `object-position` ni `50% 50%`. Katika mfano wetu, tuseme mtumishi amesimama upande wa kulia na katikati ya uso wake iko pikseli 2700 kutoka kushoto. Baada ya kupunguzwa, uso uko kwenye pikseli 270 kati ya 400. Fremu inaonyesha kuanzia 80 hadi 320, kwa hiyo uso unaangukia pikseli 190 ndani ya fremu ya 240. Sikio limegusa ukingo.

Hapa wengi hupiga hesabu ya haraka: 2700 kwa 4000 ni asilimia 67.5, basi wanaandika `67.5%` na kusubiri uso uje katikati. Hauji. Ile asilimia haisemi uso uko wapi. Inasema ni sehemu gani ya kile kilichozidi ifichwe upande wa kushoto. Kilichozidi ni pikseli 160, na asilimia 67.5 yake ni 108. Uso unahamia pikseli 162, bado mbali na 120 ambayo ndiyo katikati ya fremu.

Hesabu sahihi inaanzia mahali unapotaka uso ukae. Toa nusu ya fremu kwenye nafasi ya uso: 270 kutoa 120 ni 150. Hizo ndizo pikseli za kuficha kushoto. Gawanya kwa kilichozidi: 150 kwa 160 ni karibu asilimia 94.

```html
<img class="picha-mtumishi" src="mtumishi.jpg"
     width="4000" height="3000" alt="Mkuu wa idara"
     style="object-position: 94% 50%">
```

Asilimia hiyo itabaki sahihi fremu ikikua au ikipungua, maadamu uwiano ni uleule wa nne kwa tano. Ukibadili umbo, tuseme fremu iwe mraba kwenye simu, hesabu inaanza upya. Kwenye mraba wa 240 picha hii inakuwa 320 kwa 240, na uso uko 216. Ili uje katikati ungehitaji kuficha pikseli 96 kushoto, na zilizozidi ni 80 tu. Andika `100%` na ukubali uso ukae pembeni kidogo. Ukipita `100%`, picha itaanza kuachia pengo upande wa kulia.

Tena, kwa `cover` picha huzidi upande mmoja tu. Katika mfano huu imezidi kwa upana, ndiyo maana ile `50%` ya pili haina kazi yoyote. Tumewahi kurudishiwa ukurasa mara nne na mhariri aliyekuwa akibadili namba ya wima peke yake na kutuandikia kwamba mfumo umeharibika. Tazama kwanza picha imezidi upande upi. Picha ya wima ndani ya fremu pana ya habari huzidi juu na chini, na ndiko vichwa vinakokatwa. Hapo namba ya pili ndiyo yenye kazi, na `50% 0%` inaanza na ukingo wa juu wa picha.

Kuna picha zisizoruhusiwa kukatwa kabisa: nembo, vyeti, matangazo yenye maandishi, ramani na mihuri. Kwa hizo tumia `object-fit: contain`, ambayo huingiza picha nzima na kuacha nafasi pembeni. Nafasi hiyo ipewe rangi ya mandharinyuma inayofaa, wala isizibwe kwa kuvuta. Nembo ndogo iwekewe `scale-down`, ambayo haitaikuza kupita ukubwa wake wa asili, kwa hiyo haitakuwa na ukungu. Maelezo haya hayabatilishi mwongozo wa nembo wa taasisi. Panapotofautiana, mwongozo wa nembo ndio unaofuatwa.

Utajuaje kama picha imevutwa? Tafuta duara ndani yake: saa ya ukutani, gurudumu, kitufe cha koti. Duara likiwa yai, imevutwa. Kwenye Chrome unaweza pia kufungua zana za wasanidi na kuweka kishale juu ya anwani ya picha, uone `Rendered aspect ratio` na `Intrinsic aspect ratio`. Lakini namba hizo kutofautiana si ushahidi peke yake, kwa sababu ya kwanza inapima fremu. Picha yenye `cover` itaonyesha tofauti na bado iwe sawa kabisa. Tumepokea taarifa nyingi za makosa zilizotokana na kutolijua hilo.

Vivinjari vya leo vinaelewa yote haya. `aspect-ratio` iliingia Chrome, Firefox na Safari ndani ya mwaka 2021, na `object-fit` ilitangulia kwa miaka kadhaa. Kwa simu ambayo kivinjari chake hakijasasishwa tangu kabla ya hapo, umbo la fremu litapotea lakini sura haitavutwa, kwa kuwa `height: auto` itairudishia picha uwiano wake wa asili. Hiyo ni sababu nyingine ya kutouacha mstari huo.

Jambo moja ambalo `object-fit` haifanyi ni kupunguza uzito wa faili. Sehemu iliyofichwa bado inapakuliwa kwa bando la msomaji. Picha ya 4000 kwa 3000 inayoonekana kwa 240 ipunguzwe kabla ya kupandishwa. Upana wa pikseli 1000 unatosha kwa orodha ya watumishi, hata kwenye skrini zenye pikseli nyingi.

Kuhusu utaratibu. Mhariri anayepokea lalamiko ajaze fomu ya marekebisho, aandike anwani kamili ya ukurasa, na aambatishe picha mbili za skrini, moja ya simu na moja ya kompyuta. Fomu isiyo na anwani hairudishiwi majibu, kwa sababu hatuwezi kukisia ukurasa. Kitengo kinajibu ndani ya siku 3 za kazi, na siku hizo zinaanza kuhesabiwa siku inayofuata ile fomu ilipopokelewa. Ukurasa ukirudishwa mara ya pili kwa kosa lilelile, unaondolewa hadharani hadi urekebishwe. Mara ya tatu, ruhusa ya mhariri ya kuchapisha inasimamishwa mpaka aje akae nasi kwenye meza, na tunaomba aje na picha yenyewe iliyomsumbua, faili la asili, si ile iliyopitia WhatsApp.