Kontena si mashine pepe ndogo

Wiki iliyopita nimeisikia tena, safari hii kikaoni: "Kontena ni mashine pepe, ila nyepesi." Aliyesema ni fundi mzuri na hakuna aliyempinga. Nami nimeshaona kauli hiyo ikiwapotezea watu siku nzima za kazi, kwa hiyo naomba niieleze hapa kwa utulivu.

Maana yake kwanza. Mashine pepe ni kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi. Kontena ni sanduku lililofungwa, ndani yake mna programu moja pamoja na vyote inavyohitaji ili ifanye kazi: maktaba zake, faili za mipangilio, toleo la lugha iliyoandikiwa. Ukilihamisha kutoka kompyuta yako kwenda kwenye seva, programu inakuta vitu vyake vilevile ilivyovizoea.

Jina lenyewe limetoka bandarini. Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kuelekea Houston ikiwa na makontena 58 ya Malcom McLean. Kabla ya hapo mizigo ilipakiwa gunia kwa gunia, kasha kwa kasha. Baada yake, kreni haikuhitaji kujua ndani mna nini. Waandishi wa programu walilipenda wazo hilo, na Solomon Hykes alipoionyesha Docker, programu ya kutengeneza na kuendesha makontena, hadharani Machi 2013, katika mkutano wa watumiaji wa Python, picha ya kontena la melini ndiyo iliyoshika vichwani mwa watu.

Lakini neno lilikuwapo kabla ya Docker, na lilishaanza kusumbua. Mwaka 2006 wahandisi wa Google walianza kutengeneza sehemu ya Linux ya kuwekea programu mipaka ya kumbukumbu na prosesa. Waliiita makontena ya michakato. Wenzao wakalalamika kwamba neno kontena limekwisha kubeba maana nyingi mno ndani ya Linux, na kabla kazi hiyo haijaingia rasmi kwenye toleo 2.6.24, Januari 2008, jina likabadilishwa kuwa `cgroups`, yaani vikundi vya udhibiti. Nalipenda sana lile jina la kwanza, kwa sababu lina neno tulilolidondosha njiani: michakato. Kontena ni mchakato, yaani programu iliyo kazini, kama nyingine yoyote kwenye seva hiyo. Tofauti ni kwamba umezungushiwa mipaka. Linux yenyewe haina kitu kimoja kiitwacho kontena. Ina `namespaces`, zinazoamua mchakato unaona nini, na `cgroups`, zinazoamua unaruhusiwa kutumia kiasi gani. Docker inaviunganisha viwili hivyo, inaongeza mafungu ya faili, basi.

Mashine pepe ni jambo jingine kabisa. Pale programu maalumu inaigiza kompyuta nzima: prosesa, kumbukumbu, diski, kadi ya mtandao. Juu ya kompyuta hiyo ya kuigiza unasimika mfumo endeshi kamili wenye kerneli yake, kile kiini kinachogawa kumbukumbu na kuzungumza na vifaa. Mashine pepe inawaka, kama kompyuta inavyowaka. Kontena haliwaki, programu yake inaanzishwa tu, ndiyo maana huchukua chini ya sekunde. Mfano wa bandari unafaa hapa pia: kontena halina injini. Injini ni ya meli, na makontena yote yaliyomo yanasukumwa na hiyo moja. Mashine pepe ni kama kupakia boti zima, na injini yake, juu ya meli.

Mwenye seva ya Linux anaweza kujithibitishia mwenyewe:

```
docker run -d --name lala alpine sleep 1000
docker exec lala ps
ps aux | grep "sleep 1000"
docker exec lala uname -r
uname -r
```

Amri ya pili inauliza kutoka ndani ya kontena, na `sleep` inajiona ni mchakato namba 1, kana kwamba iko peke yake duniani. Ya tatu inauliza kutoka nje, kwenye seva, na `sleep` ileile inaonekana katika orodha ya kawaida, ina namba kubwa, katikati ya michakato mingine. Ingekuwa mashine pepe, seva isingeiona `sleep` hata kidogo. Ingeona tu ile programu inayoigiza kompyuta. Amri mbili za mwisho zinataja toleo la kerneli, na zitajibu kitu kimoja, kwa sababu kerneli ni moja.

Nadhani kosa hili linalelewa na kompyuta tunazojifunzia. Makontena ya Linux yanahitaji kerneli ya Linux, na Mac haina. Docker ikisimikwa huko inawasha kimyakimya mashine pepe moja ya Linux, kisha inaweka makontena yote ndani yake. Mtu anaona mashine pepe ipo, anahitimisha kwamba kila kontena ni mashine pepe.

Sasa gharama yake. Tulikuwa na programu ya Java kwenye seva yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16, kontena lake likiwa limewekewa kikomo cha gigabaiti 1. Kila mchana, wateja wakizidi, inakufa bila kuandika kosa lolote. Mwenzetu akaingia ndani ya kontena, akaandika `free -m`, akaona megabaiti zipatazo 16,000 na nyingi hazijatumika. Akasema kumbukumbu si tatizo, tukaenda kutafuta kwenye mtandao, kisha kwenye hifadhidata. Siku mbili.

Kumbe `free` husoma `/proc/meminfo`, na faili hiyo hueleza hali ya seva nzima hata ukiisoma kutoka ndani ya kontena. Java yetu ilikuwa toleo la 8 la zamani, kabla ya 8u191, nayo ilidanganyika vivyo hivyo: ilihesabu 16, ikajipa ruhusa ya kukua hadi robo yake, yaani gigabaiti 4. Ilipovuka 1, kerneli ikaiua. Dalili zilikuwa wazi kwa anayejua pa kuangalia. `docker ps -a` ilionyesha namba 137, ambayo ni 128 ukijumlisha 9, ishara ya kuua, na `docker inspect` ilikuwa na `"OOMKilled": true`, yaani imeuawa kwa kuishiwa kumbukumbu. Tukaiwekea Java kikomo cha megabaiti 700 kwa `-Xmx700m`, ili pabaki nafasi kwa mahitaji mengine ya Java, na vifo vikakoma.

Jambo moja zaidi, kuhusu lile neno "lililofungwa". Kuta za kontena ni kanuni za kerneli, na anayepata tundu katika kerneli hiyo anaweza kuyafikia makontena yote yanayoishiriki. Ndiyo maana Amazon, inayoendesha programu za wateja wasiojuana, ilitengeneza Firecracker na kuitangaza mwaka 2018: mashine pepe ndogo sana, ambazo kazi za wateja huwekwa ndani yake. Hizo ndizo zinazostahili kuitwa mashine pepe nyepesi.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa kikaoni, sema kontena ni mchakato uliotengwa. Na siku likikufia, usiulize lina kumbukumbu kiasi gani, maana halina yake. Uliza limeruhusiwa kiasi gani, na ukaulize kutoka nje, kwenye seva.