Kabla ya mbio fupi: kunyoosha misuli kwa kutulia au kwa mwendo?

"Shuleni tulikuwa tunakaa chini, tunashika vidole vya miguu na kuhesabu hadi 30 kabla ya kukimbia mita 100. Kocha wa sasa hataki hata kuona. Kwa nini?"

Kocha wako ana sababu ya msingi, ingawa huenda anaivuta mbali kidogo kuliko tafiti zinavyofika.

Mtu anapokimbia kwa kasi ya juu kabisa, kila hatua hugusa ardhi kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ndani ya muda huo kano ya kisigino na misuli ya kigimbi zinavutwa, kisha zinarudisha nguvu, kama mpira wa manati. Ukiuvuta msuli ukautuliza hapo kwa muda mrefu, mambo mawili hutokea. Msuli na kano hulegea kidogo, kwa hiyo nguvu huchelewa kufika ardhini. Tena, amri inayotoka kwenye ubongo na uti wa mgongo kwenda kwenye msuli hupungua kwa muda, na baadhi ya nyuzi zake haziitikii kama kawaida. Jambo hili la pili watu wengi hawalijui, na watafiti wengi wanaona ndilo lenye uzito zaidi.

Mwaka 2005, Nelson na wenzake nchini Marekani waliwapima wanariadha wa chuo kikuu kwa mbio za mita 20. Kila zoezi la kunyoosha lilifanywa mara 4, sekunde 30 kila mara. Walichelewa kwa takriban sekunde 0.04, na hata walionyoosha mguu mmoja tu walichelewa. Inaonekana ndogo, lakini mtu anayekwenda mita 8 kwa sekunde hupitia sentimita 32 ndani ya muda huo. Katika fainali ya mita 100, sentimita 32 zinatosha kumtoa mtu kwenye medali.

Ila tazama hesabu yenyewe: mara 4 kwa sekunde 30 ni dakika 2 kwa zoezi moja. Nani hunyoosha hivyo kabla ya mbio? Behm na wenzake walipokusanya tafiti nyingi mwaka 2016, waligundua kwamba muda ndio unaoamua. Kunyoosha kwa kutulia sekunde 60 au zaidi kwa kila msuli kulipunguza uwezo kwa wastani wa asilimia 4.6. Chini ya sekunde 60, upungufu ulikuwa asilimia 1.1. Kunyoosha kwa mwendo kuliongeza asilimia 1.3. Na nyingi ya tafiti hizo zilipima dakika chache tu baada ya kunyoosha, bila mazoezi mengine katikati, jambo ambalo uwanjani halitokei.

Blazevich na wenzake walilijaribu hilo mwaka 2018. Wachezaji wa michezo ya timu walifanya maandalizi kamili, na ndani yake wakanyoosha kwa kutulia kwa sekunde 5 au 30, au kwa mwendo, au wasinyooshe kabisa. Katika kuruka na kukimbia hapakuwa na tofauti ya maana. Waliponyoosha, kwa njia yoyote ile, walijiona wako tayari zaidi.

Kwa hiyo mimi ningepanga hivi. Kimbia taratibu dakika 5 hadi 10, mpaka jasho lianze kutoka. Kama nyonga au nyuma ya paja inakubana, inyooshe hapo, sekunde 15 hadi 20 tu, usifikie maumivu. Kisha nenda kwa mwendo: bembeza mguu mbele na nyuma, piga hatua ndefu za kujishusha, pandisha magoti juu, piga visigino matakoni, halafu rukaruka kwa hatua ndefu. Malizia kwa mikimbio 3 au 4 ya mita 30 hadi 40 ukipandisha kasi kidogo kidogo, na pumzika vizuri katikati. Ukihema na miguu ikawa mizito, umepitiliza. Hayo tena ni mazoezi yenyewe.

Sehemu kubwa ya faida hii inatoka kwenye joto la msuli. Joto la msuli linapopanda nyuzi 1 ya Selsiasi, nguvu ya mlipuko huongezeka kwa takriban asilimia 4, na joto hilo hupotea ukikaa. Mara nyingi kinachowaangusha vijana kwenye mashindano ni kupasha mwili vizuri kabisa, kisha kukaa kwenye benchi dakika 20 wakisubiri kuitwa. Vaa suruali na koti juu ya nguo za mbio, na ukibakiwa na dakika chache, rudia kupandisha magoti na mkimbio mmoja mfupi.